Miksa ya shawa ya kufukiwa ukutani: kina hupimwa kutoka usoni mwa kigae, na bomba la kupanda hupimwa peke yake

Miksa ya kawaida ikivuja, fundi huishika kwa spana na kazi imekwisha. Miksa ya kufukiwa haina nafasi hiyo. Kitu kinachoonekana baada ya kazi ni bamba na kishikio tu. Kiwiliwili cha shaba, maungio yake na mabomba yote vimelala nyuma ya lipu na vigae. Kwa hiyo yapo mambo mawili ambayo ni lazima yawe sawa kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa: kiwiliwili kimekaa kwenye kina chake, na kila ungio limebeba shinikizo la maji bila kutoa jasho. Kila moja lina kosa lake linalorudiwa sana. Kwenye kina, watu hupimia mahali pasipofaa. Kwenye majaribio, watu hupima nusu ya mabomba wakidhani wamepima yote.

Uso ambao bado haupo

Kiwiliwili huja na kikombe cha plastiki kinachokilinda, na kikombe hicho kina mistari miwili. Mmoja ni wa kina kidogo kinachokubalika, mwingine ni wa kina kikubwa. Uso wa kigae kilichokamilika unatakiwa uangukie kati ya mistari hiyo. Neno lenye uzito hapo ni "kilichokamilika": si uso wa tofali, wala si uso wa lipu. Siku miksa inapofungwa, uso huo haupo bado, na fundi bomba inabidi apimie kitu ambacho fundi vigae atakuja kukijenga baada ya wiki mbili.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Ukuta ni wa tofali za saruji za unene wa milimita 150, haujapigwa lipu. Karatasi ya miksa inasema kwamba kutoka mgongo wa kiwiliwili hadi uso wa kigae iwe kati ya milimita 50 na 75. Vipimo hivi hutofautiana kwa kila aina ya miksa, kwa hiyo soma karatasi ya ile uliyonayo mkononi. Sasa jumlisha tabaka zitakazokuja juu ya tofali: lipu 15, dawa ya kuzuia maji 2, gundi ya vigae baada ya kigae kukandamizwa 5, na kigae chenyewe 9. Jumla ni milimita 31.

Ukilenga katikati ya 50 na 75, unapata 62. Toa 31, zinabaki 31. Maana yake mgongo wa kiwiliwili ukae milimita 31 ndani ya uso wa tofali tupu. Ongeza kama milimita 9 za udongo wa saruji nyuma yake, ili upate nafasi ya kukisogeza na kukinyoosha, na shimo linakuwa la milimita 40.

Hapo angalia ukuta wenyewe. Kanuni inayofuatwa na wajenzi wengi ni kwamba mtaro wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sudusi. Kwenye ukuta wa 150 theluthi ni 50, kwa hiyo 40 inakubalika. Kwenye ukuta wa 100 haikubaliki, na hapo ni afadhali kujenga ukuta mwembamba wa ziada mbele yake kuliko kuuchimba ule uliopo. Mtaro wa mlalo ndio unaodhoofisha ukuta zaidi, hivyo mabomba yashuke au yapande wima hadi kwenye miksa badala ya kukata ukuta kutoka kona moja hadi nyingine.

Sasa tazama kinachotokea ukikosea pa kupimia. Fundi anayelinganisha katikati ya mistari miwili na uso wa lipu, akidhani vigae ni "kitu kidogo tu", ameacha nje dawa, gundi na kigae, yaani milimita 16. Kiwiliwili chake kitakuwa 78 nyuma ya uso wa kigae, milimita 3 kupita kikomo. Bamba litakaa vizuri, lakini kishikio hakitaufikia mhimili wa katriji, yaani kile kiini cha ndani kinachofungua na kufunga maji, au kitaushika kwa ncha tu na kuanza kucheza baada ya miezi michache. Anayelinganisha na uso wa tofali tupu atakuwa na 93, na hapo hata skrubu za bamba hazifiki.

Kosa la upande wa pili hutokea pale tindo linapogonga nguzo ya zege na fundi kuamua kwamba shimo limetosha. Tuseme mgongo umeingia milimita 15 tu. Pamoja na zile 31 unapata 46, pungufu ya 50. Safari hii kiwiliwili kinachomoza: bamba halilali juu ya kigae, na pengo linabaki pembeni.

Makosa haya mawili hayana uzito sawa. Kwa miksa nyingi, iliyozama kupita kiasi huweza kuokolewa kwa seti ya kurefusha, yaani mhimili mrefu zaidi na skrubu ndefu zaidi, ikiwa mtengenezaji anaiuza kwa aina hiyo hasa. Iliyochomoza haina kifaa cha kuiokoa. Ikigunduliwa kabla ya vigae, unaweza kunenepesha lipu ya ukuta mzima kwa milimita 10 na kufika 56. Ikigunduliwa baada ya vigae, ni nyundo. Kwa hiyo ukiwa na shaka ndani ya nafasi uliyonayo, egemea upande wa kuzama.

Tena, kigae kinunuliwe kwanza. Hili si suala la mapambo. Tofauti ya kigae cha milimita 7 na jiwe la milimita 20 ni 13, zaidi ya nusu ya nafasi yote ya milimita 25 tuliyo nayo kwenye mfano wetu.

Kuuona uso kabla haujajengwa

Hesabu ya karatasi husaidia, lakini ukuta wa tofali haujanyooka, na mahali penye bonde fundi lipu ataweka milimita 25 badala ya 15. Njia nzuri ni kuutengeneza uso wa kigae mapema, kwa kipande. Bandika madonge mawili ya lipu, moja kila upande wa shimo, yakiwa yamenyooshwa kwa timazi na kwenye usawa mmoja na ukuta mzima utakavyokuwa. Yakikauka, gundisha juu ya kila donge kipande cha kigae chenyewe kwa gundi yenyewe, kwa unene utakaotumika. Sasa laza rula ndefu ya alumini kutoka kipande kimoja hadi kingine. Chini ya rula ndipo ulipo uso wa kigae. Kiwiliwili kinasogezwa mpaka rula ipite katikati ya mistari miwili ya kikombe, bila kubahatisha.

Rula hiyohiyo inakuonyesha jambo ambalo kipimo cha kina peke yake hakikuonyeshi: je, kiwiliwili kimelala sambamba na ukuta? Digrii moja ya kuinama inaonekana si kitu, lakini chini ya bamba la upana wa milimita 160 inatoa pengo la karibu milimita 3 upande mmoja. Pima kina juu, chini, kulia na kushoto kwa kikombe. Namba zote nne zikilingana, umemaliza. Zikitofautiana, weka kishikizo nyuma ya kiwiliwili, usivute mabomba. Kisha pimamaji juu ya sehemu bapa ya kiwiliwili, kwa sababu kishikio kilichopinda kitaonekana kila siku kando ya mistari iliyonyooka ya vigae.

Urefu kutoka chini nao hupimwa kutoka sakafu iliyokamilika. Katikati ya miksa huwekwa kwenye milimita 1,000 hadi 1,200, na tundu la mkono wa shawa kwenye 2,000 hadi 2,100. Zege tupu likiwa bado linasubiri sakafu na vigae vya jumla ya milimita 60, ziongeze.

Kiwiliwili kifungwe ukutani kwa skrubu na plagi zake mwenyewe. Kikining'inia kwa mabomba tu, fundi lipu ataegemea ubao wake na kina chote ulichopima kitahama.

Maungio

Maji ya moto kushoto, ya baridi kulia, ukiwa umeukabili ukuta, na mshale ulioko kwenye kiwiliwili uelekee juu. Kwenye miksa ya lever moja ukigeuza, watu wataungua kidogo kisha watazoea. Kwenye miksa yenye kidhibiti joto hawatazoea, kwa sababu haitaweza kudhibiti chochote.

Kwa bomba za plastiki za PPR, mfuatano una maana. Funga kwanza adapta zenye uzi wa shaba kwenye kiwiliwili kikiwa mezani, ukiwa umekishika vizuri, halafu ndipo uchomelee bomba kwenye adapta. Ukichomelea kwanza utalazimika kuzungusha bomba zima ili kukaza uzi, na hapo uzi haupati mkazo wake. Tepu ya tefloni izungushwe kuelekea upande wa kukaza, kama mizunguko kumi kwa tepu nyembamba. Ukishakaza usirudishe nyuma hata robo mzunguko ili kunyoosha uelekeo. Ukirudisha, fungua, safisha, anza upya. Na usiongeze nguvu ili kufidia tepu haba. Uzi wa nje unaonenepa kuelekea mwisho ukilazimishwa ndani ya shaba hufanya kazi kama kabari, na ufa unaouacha hauonekani kwa macho.

Kuchomelea ni kwa nyuzijoto 260 za Selsiasi. Bomba la milimita 20 hupashwa moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha una takriban sekunde 4 za kuliingiza bila kulizungusha. Tia alama ya kalamu kwenye bomba, kama milimita 14 kwa bomba la 20. Bomba likisukumwa kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani na kuziba sehemu ya tundu. Ungio la namna hiyo halivuji na litafaulu kila jaribio la shinikizo. Utaligundua siku maji ya moto yatakapotoka kama uzi wakati ya baridi yanarusha.

Miksa nyingi zina matundu mawili ya kutolea: la juu kwa shawa, la chini kwa bomba la kujazia beseni. Lisilotumika lizibwe kwa kizibo cha chuma chenye tepu. Vile vizibo vya plastiki vya rangi vinavyokuja na miksa ni vya kuzuia vumbi safarini. Vingine vina uzi na hukaa vizuri kiasi cha kumshawishi mtu aviache, na baadhi huvumilia kwa muda kabla ya kuachia ndani ya ukuta.

Jambo moja zaidi kuhusu mfano wetu. Ikiwa katikati ya matundu ya miksa ni milimita 25 kutoka mgongoni, basi katikati ya bomba ni milimita 6 tu ndani ya tofali. Bomba la 20 litachomoza milimita 4 nje ya tofali, na elbo ya unene wa 30 itachomoza 9. Lipu ya 15 itabaki na milimita 6 mbele ya elbo, ndiyo maana hupasuka hapo. Tia kipande cha wavu juu yake kabla ya kupiga lipu, wala usijaribu kupinda bomba ili lizame zaidi.

Kusafisha kwanza

Mchanga na vipande vya plastiki vilivyomo ndani ya mabomba mapya ndivyo vinavyoharibu katriji. Diski zake za kauri husuguana zikiwa zimebanana sana, na punje moja inatosha kuchora mkwaruzo utakaodondosha maji daima. Kwa hiyo toa katriji, funga kizibo cha kusafishia ikiwa miksa imekuja nacho, na ruhusu maji yapite kwa nguvu mpaka yatoke safi, upande wa moto kisha upande wa baridi. Usipokuwa na kizibo hicho, fungua vali kidogokidogo ukiwa umekinga mbele kwa ndoo, maana maji yatatoka moja kwa moja kuelekea usoni mwako. Rudisha katriji, na vali za kuzuia maji kurudi nyuma ikiwa zipo, ndipo uende kwenye pampu.

Nusu mbili za jaribio

Sasa lile kosa la pili. Watu hufunga miksa, hufungulia maji ya nyumba, huondoka, hurudi kesho yake, huona pakavu na kumwita fundi vigae. Walichopima ni mabomba yanayoleta maji hadi kwenye miksa. Bomba linalopanda kutoka miksa hadi kichwa cha shawa halikuwa na shinikizo lolote, kwa sababu miksa ilikuwa imefungwa. Na hata ukiifungua bila kuziba juu, bomba hilo lina mdomo wazi, hivyo shinikizo lake ni dogo na ungio bovu linaweza kuficha aibu yake. Uvujaji wa bomba hili ndio mgumu zaidi kuutambua baadaye: hutokea mtu akioga tu, mita ya maji haizunguki usiku, na unyevu unaoonekana upande wa pili wa ukuta hulaumiwa kwa vigae.

Kwa hiyo ziba tundu la shawa kwa kizibo cha uzi, na fanya jaribio kwa hatua mbili. Ya kwanza, miksa ikiwa imefungwa. Ya pili, lever ikiwa imefunguliwa kabisa na imewekwa katikati, ili bomba la kupanda, kizibo cha chini na kiwiliwili chenyewe vibebe shinikizo. Kumbuka kwamba katika hali hiyo moto na baridi vimeunganika ndani ya miksa, isipokuwa kama kuna vali za kuzuia kurudi. Ukiwa na miksa ya njia mbili au tatu, geuza kigeuzi kwenye kila njia, maana kila moja ni bomba lake.

Hita itenganishwe kabla ya kupiga pampu. Haikutengenezwa kwa shinikizo la majaribio, na vali yake ya usalama itafunguka na kukuonyesha uvujaji usiokuwepo. Unganisha ncha mbili za mabomba yaliyokuwa yameingia kwenye hita kwa hozi fupi imara, na hivyo pampu moja itajaza pande zote mbili. Jaza maji polepole huku kizibo cha shawa kikiwa kimelegezwa, kwa sababu hapo ndipo juu kabisa na hewa hutoka hapo. Hewa ikibaki, utaijua: pampu inahitaji mipigo mingi, na sindano ya geji inapanda kwa uvivu. Mabomba yaliyojaa maji matupu hupanda kwa mipigo michache.

Shinikizo la jaribio ni mara moja na nusu ya shinikizo kubwa la kazi. Nyumba inayofanya kazi kwa baa 4 itapimwa kwa 6, na wengi hupandisha hadi 10. Usizidi kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi ya miksa. Uchomeleaji wa mwisho uwe umepata saa nzima ya kupoa.

PPR hunyumbuka ikipata shinikizo, kwa hiyo sindano itashuka mwanzoni hata kama hakuna kinachovuja. Hapa ndipo mafundi wengine huanza kuvunja maungio mazima. Utaratibu unaoizingatia tabia hiyo ni huu: pandisha shinikizo, lirudishe mara mbili ndani ya nusu saa ya kwanza kwa nafasi ya dakika 10, kisha acha nusu saa nyingine. Katika nusu saa hiyo lisishuke zaidi ya baa 0.6. Bila kuongeza chochote, subiri saa 2. Lisishuke zaidi ya baa 0.2. Joto la mabomba nalo lisibadilike sana, kwani tofauti ya nyuzi 10 peke yake inaweza kusogeza sindano kwa baa 0.5 hadi 1. Ukuta unaopigwa na jua la mchana usianzwe asubuhi na kusomwa jioni.

Hatua mbili hizo zinakusaidia pia kutafuta. Sindano ikisimama miksa ikiwa imefungwa, na kushuka miksa ikiwa imefunguliwa, tatizo liko kwenye bomba la kupanda, kizibo cha shawa au kizibo cha chini. Anza na vizibo vyako mwenyewe, ambavyo mara nyingi ndivyo vyenye hatia. Ikishuka katika hali zote mbili, tafuta upande wa kuingilia, au kwenye pampu na hozi. Pitisha karatasi ya chooni iliyo kavu kuzunguka kila ungio, hasa chini yake. Tone ambalo jicho halilioni, karatasi hulionyesha papo hapo.

Kati ya jaribio na kigae

Jaza udongo wa saruji kuzunguka kiwiliwili baada ya jaribio kufaulu, siyo kabla, na pima kina mara ya mwisho udongo ukiwa bado mbichi. Piga picha ukuta ukiwa wazi, futi ikiwa imelazwa kando ya mabomba kutoka kona na kutoka sakafuni. Kisha acha mabomba yakiwa na shinikizo la kawaida na geji ikiwa mahali pake wakati wa lipu na vigae. Msumari au tindo likigusa bomba, sindano itaanguka siku hiyohiyo, na ukarabati utakuwa wa lipu tu.

Kikombe cha plastiki kisiondolewe. Dawa ya kuzuia maji ipandishwe hadi kwenye shingo yake, au juu ya kola yake ya mpira ikiwa imekuja nayo, na fundi vigae akate tundu linaloendana na kikombe, akihakikisha linafichwa na bamba. Baada ya vigae kujazwa mistari na kukauka, kikombe hukatwa kikawa sawa na uso wa kigae, na bamba hufungwa. Silikoni ipakwe juu na pembeni mwa bamba, na chini iachwe wazi: siku mpira wa katriji utakapochoka, maji yatokee hapo mbele ya macho badala ya kuingia ukutani.